Mgonjwa wangu amejiua. Je, sasa nimpe rufaa kila mwenye sonona?

*Shikamoo dada daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Lindi. Mwezi uliopita mama mmoja niliyekuwa namtibu sonona alijiua. Siku chache kabla alikuja kliniki, akaongea na kucheka na sisi vizuri tu. Tangu hapo kila mgonjwa anayeniambia amechoka na maisha nampa rufaa siku hiyohiyo, hata wale ambao zamani ningewatibu mwenyewe. Familia yake sijaenda kuiona, naogopa. Mfawidhi amesema niandike taarifa, basi. Nimesikia wewe unayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili nawe uliwahi kufiwa na mgonjwa hivyo. Ulibadilisha nini katika kazi yako?*

*Tabibu, Lindi*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na jambo la haraka, maana mengine yanaweza kusubiri siku mbili tatu: faili la yule mama usiliguse. Mgonjwa anapofariki kwa namna hii, mkono huwa unataka kurudi kwenye ukurasa wa mwisho uongeze sentensi moja, kwamba ulimuuliza, kwamba ulimshauri. Ukikumbuka jambo ambalo hukuliandika, liandike upya kwa tarehe ya leo, na useme wazi kwamba limeandikwa baada ya kifo. Maandishi yanayorudishwa nyuma yatakuharibia siku polisi au mkoa watakapouliza, na yataiondolea familia haki ya kujua yaliyotokea.

Taarifa ya mfawidhi iandike, lakini omba na kikao. Kaeni wote mliomwona: aliyempokea, aliyempa dawa, hata mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwake kama yupo. Swali la kikao lisiwe nani kakosea. Liwe hili: tangu alipotoka mlangoni kwenu mpaka siku ile, alikuwa na nani, na nani alijua afanye nini? Kikao cha namna hiyo ndicho kilichobadilisha kazi yangu, na ndicho nitakachokueleza.

Mgonjwa wangu alikuwa mwanamume mkulima wa korosho, mtu wa huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Baadhi ya mambo yake nimeyageuza ili asitambulike, kwa sababu siri ya mgonjwa haiishi na kifo chake. Aliletwa na sonona kali. Alikuwa halali, hali, na anarudia kusema kwamba amekuwa mzigo kwa watoto wake. Miezi ya nyuma alikuwa amejidhuru, ila familia ilieleza hospitali kwamba ni ajali. Tuliujua ukweli baadaye sana. Alilazwa, akaanza dawa, na baada ya wiki kadhaa usingizi ukarudi, akawa anamaliza sahani, anataniana na Wayao wodini. Siku ya kuruhusiwa aliulizwa kama bado ana mawazo ya kujiua. Akajibu hapana. Mjomba wake aliyekuwa amekaa pembeni akaitikia kwamba sasa ni mzima. Kwenye fomu ikaandikwa hatari ndogo, akapewa dawa na tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja kama wanavyopewa wote. Wiki ya pili haikuisha. Dada yake ndiye aliyempigia simu muuguzi.

Bingwa anayenisimamia alituita tukapitia kila kitu, ukurasa kwa ukurasa. Dozi ilikuwa sahihi. Uamuzi wa kumruhusu ungefanywa na timu yoyote. Ilinichukua muda kuyaamini hayo, na najua wewe nawe itakuchukua muda, kwa sababu mtu akishajua mwisho, kila neno la nyuma linaonekana kama lilikuwa linasema wazi. Lakini kikao kilituonyesha mambo mengine. Swali liliulizwa mbele ya mjomba, ambaye ndiye aliyelipa nauli na matibabu, na kwa desturi za huku ndiye mwenye sauti kuliko baba mzazi. Neno "ndogo" kwenye fomu lilifunga mazungumzo. Na ule mwezi mmoja ulikuwa mtupu kabisa, hakuna aliyekuwa na kazi yoyote ya kufanya ndani yake.

Swali sasa nauliza tukiwa wawili. Ndugu nawaomba watupishe kidogo, bila kulifanya liwe jambo kubwa, halafu nawaita tena. Siulizi moja kwa moja tu, naanzia pale alipo mgonjwa. Watu wetu hawafiki wakasema nataka kujiua. Wanasema nimechoka, natamani nilale nisiamke, bora nipumzike, watoto wangekaa vizuri bila mimi. Nikisikia mojawapo ya hayo, nauliza kwa neno lenyewe: "Wakati mwingine mtu akichoka hivyo hufikiria kujiua. Wewe imekufikia huko?" Wapo wenzetu wanaoogopa kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo. Utafiti umelipima jambo hili mara nyingi, na haijaonekana kuwa kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Ninachokiona mimi ni mabega kushuka, kwamba hatimaye kuna mtu amelitaja.

Kuna hofu nyingine ambayo lazima uiondoe kabla ya kuuliza, nayo ni polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana ya "ajali" ya mgonjwa wangu, na ndiyo maana utaletewa majeraha yenye hadithi zisizokaa sawa kwa sababu ndugu wanaiogopa PF3. Nawaambia mapema kwamba mimi ni daktari na namuuliza ili nimtibu, na kwamba kuwa na mawazo ya kujiua si kosa, ni dalili. (Kama wewe unayesoma safu hii ndiye mwenye mawazo hayo leo, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe sasa, na mwende pamoja kituo cha afya kilicho karibu. Dalili hiyo inatibika.) Namweleza pia mpaka wa siri yangu: nikiona hatari iko karibu, nitamwambia mtu mmoja wa nyumbani, na tutamchagua pamoja. Mtu akijua mpaka huo mapema, hajisikii amesalitiwa.

Fomu ya hatari ndogo, ya kati na kubwa bado ipo mezani kwangu, kwa kuwa wanaidai. Lakini siitumii kuamua nani apate huduma. Mwaka 2022 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, kuhusu watu wanaojidhuru uliwaambia wataalamu waziwazi wasitumie mizani wala madaraja hayo kutabiri nani atajiua. Sababu unaiona kwa mama yule wa kwako. Mawazo ya kujiua hupanda na kushuka ndani ya saa, na mtu aliyecheka asubuhi hakuwa anakudanganya. Hali ya asubuhi haikwambii usiku utakuwaje. Wengi wanaokufa hivyo, walipoonwa mara ya mwisho waliandikwa hatari ndogo. Kwa hiyo nguvu niliyokuwa naitumia kukisia nimeihamishia kwenye kuandaa ule usiku, kwa kila aliyewahi kuniambia mawazo hayo, hata kama leo anasema yameisha.

Kuandaa kwenyewe ni mpango wa usalama. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, ndio waliouandika kwa mpangilio tunaoutumia. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopita vyumba vya dharura vya hospitali za wanajeshi wastaafu huko: waliopewa mpango huo pamoja na simu za kufuatiliwa walikuwa na matukio ya kujaribu kujiua pungufu kwa karibu 45% ndani ya miezi sita, kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hauchukui zaidi ya dakika 30 au 40. Usiuchanganye na kile kiapo cha zamani cha "niahidi hutajiua". Ahadi hiyo humtuliza daktari tu, na mgonjwa akija kulemewa anaona haya hata kukupigia.

Nikupe mfano wa dada mmoja tuliyefanya naye, ambaye naye nimemgeuza kidogo. Nilimuuliza usiku wa mwisho mbaya ulianzaje. Akasema huanza kwa kujitenga nyuma ya nyumba baada ya magharibi, simu anaizima, na kichwani linazunguka neno moja kwamba hana faida. Hayo tukayaandika juu kabisa kwa maneno yake, si yangu. Kisha tukauliza, likianza, unaweza kufanya nini mwenyewe kabla ya kumwita mtu? Alisema kuoga maji ya baridi, kusuka ukili, na kusikiliza kaswida fulani. Mimi ningependekeza matembezi, lakini angetembea wapi usiku? Kinachoandikwa ni kile atakachokifanya kweli. Baada ya hapo ni mahali penye watu, hata kama hatawaambia lolote: baraza ya jirani ambako wanawake husuka ukili mpaka saa tatu. Halafu watu wa kuwaambia wazi. Hapa nilitaraji amtaje mjomba. Akamtaja somo wake, yule mama aliyemlea unyagoni, na mdogo wake wa kiume mwenye bodaboda. Ningeuliza mbele ya ndugu, ningeandika mjomba, na karatasi isingemfaa kitu.

Ilipofika zamu ya wataalamu tuliandika namba ya simu ya wodi na ya muuguzi wetu, na tukaeleza kwamba akikosa vocha abipu tu, sisi tutapiga. Hajui kusoma vizuri, kwa hiyo aliyasema yote kwa sauti yake tukayarekodi kwenye simu yake, na karatasi akapewa somo. Kabla hajaondoka nilimuuliza kila hatua: hii utaiweza? Nini kitakuzuia? Akasema somo hulala mapema. Tukampigia somo palepale akakubali kuamshwa.

Hatua ya mwisho ni ile ninayoiona kubwa kwa mikoa yetu, nayo ni kuweka mbali vitu vya hatari. Nyumba nyingi huku zinatunza viuatilifu vya mikorosho, na msimu wa kupulizia ukifika vinakaa chumba kilekile wanacholala watu, kwa hofu ya wizi. Sasa nauliza kuhusu jambo hili kama ninavyouliza kuhusu usingizi: vinakaa wapi, ufunguo anao nani? Nakaa na mgonjwa na ndugu aliyemchagua, tunakubaliana viende kwa jirani au ndugu mwenye stoo ya kufuli mpaka nitakapomwona tena, na anayepulizia achukue cha siku hiyo tu. Nataka jina la atakayevihamisha na siku atakayovihamisha, na siku inayofuata tunapiga simu kuuliza kama vimehama. Dawa zetu nazo hivyohivyo: natoa za wiki moja, na somo ndiye anayezitunza.

Utasikia watu wakisema mwenye nia atatafuta njia nyingine. Nilikuwa naamini hivyo pia kabla sijasoma. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa zaidi ya nusu, na kilimo hakikuanguka. Sababu ni kwamba ile saa mbaya kwa kawaida ni fupi. Mtu akivuka saa hiyo bila kitu karibu yake, wengi hawatafuti kingine, na wengi mno wa waliowahi kujaribu wakaokoka hawafi kwa kujiua baadaye.

Sasa ule mwezi mtupu. Kipindi cha hatari kubwa kwa mgonjwa aliyelazwa ni siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka, na wiki ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Nyumbani madeni yako palepale, majirani wanamwangalia, na dawa ya sonona huenda bado haijakamilisha kazi yake. Kwa hiyo tarehe ya kwanza ya kurudi kwangu sasa ni ndani ya siku saba. Asiyeweza nauli tunampigia siku ya pili au ya tatu. Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo la namna hii katika nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakafuatiliwa kwa simu au kutembelewa mara tisa ndani ya miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliokufa kwa kujiua kati yao walikuwa 0.2%, na kwa waliopata huduma ya kawaida 2.2%. Tafiti nyingine za baadaye hazikutoa tofauti kubwa kiasi hicho, kwa hiyo nisikupe matumaini kupita kipimo. Lakini ni kazi ambayo muuguzi mmoja mwenye daftari anaiweza, na kituo chako kinaiweza.

Daftari letu lina jina, siku ya kutoka, namba ya mgonjwa, namba ya mtu wake, na visanduku vya siku ya tatu, wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, kisha kila mwezi. Simu si ya kumhoji. Muuguzi wetu huanza hivi: "Nimekukumbuka, nikasema nikusikie. Usiku umelalaje?" Baada ya hapo anauliza kama lile jambo limerudi, na kama vitu vile bado viko kwa jirani. Simu isipopokelewa, tunampigia mtu wake siku hiyohiyo. Na yeye asipopatikana, mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumbani, kwa kisingizio chochote cha heshima, ili mtaa usijue.

Kuhusu familia, nenda. Mimi nilikwenda na muuguzi, baada ya kumwarifu mfawidhi, na tulipiga simu kwanza kwa dada wa marehemu kuuliza kama tunakaribishwa. Tulikaa jamvini na waliokuja kuhani kama watu wengine. Dada ndiye aliyetuvuta pembeni na kuuliza: kwa nini hakuniambia? Usijifanye unalo jibu. Nilimwambia kwamba sonona humfanya mtu aamini kuwa anawapunguzia mzigo wanaompenda, na kwamba imani hiyo ni sehemu ya ugonjwa. Yale aliyoniambia marehemu faraghani sikuyatoa, na sikueleza matibabu yake kwa njia ya kujitetea. Ndugu mmoja alikuwa anasema ni uchawi, mwingine anasema amekufa na dhambi. Sikubishana nao msibani. Nilimwomba mjomba jambo moja tu, kwamba watoto waambiwe baba yao alikuwa mgonjwa, na asiwepo wa kuwalaumu. Kisha niliwaangalia wenyewe, maana ndugu wa aliyejiua nao huwa katika hatari zaidi. Dada yake alikuwa halali. Aliingia kwenye daftari letu.

Sasa rufaa zako. Wapo wa kumpeleka mbele bila kusita: anayesikia sauti zinazomwamrisha afe, aliyekwisha kupanga namna na wakati na nyumbani hakuna wa kukaa naye, aliyegoma kula na kunywa, mama aliyejifungua karibuni na anawaza kifo chake au cha mtoto, na aliyejaribu siku hizi baada ya kutibiwa dharura yake. Hawa ni wa hospitali. Lakini mwenye sonona anayekuambia amechoka, ana dada wa kulala naye, na vitu vimehamishwa, ukimpa karatasi ya rufaa kutoka kijijini mpaka mjini wengi wao hawafiki. Nauli hakuna, mjomba anasema tusubiri mnada wa korosho, na wewe unaamini yuko mikononi mwa hospitali wakati hospitali haijui kama yupo. Umetengeneza ule mwezi mtupu kwa njia nyingine. Kwa hiyo hata unayempa rufaa, fanya naye mpango kabla hajapanda gari, piga simu unakompeleka utaje jina lake na siku ya kufika, na siku hiyo ikipita waulize.

Na wewe mwenyewe, usiku unalala? Ukiwa bado unaiona sura yake kila unapomwita mgonjwa, au umeanza kukwepa zamu za kliniki, zungumza na mratibu wa afya ya akili wa wilaya yako kama mgonjwa anavyokuja kuzungumza na wewe, si kama mtumishi anayetoa taarifa. Kesho asubuhi chukua orodha ya wale uliowapa rufaa mwezi huu, uanze kuwapigia mmoja mmoja kujua nani alifika na nani bado yuko nyumbani.